Rekebisho Lililobaki Kwenye Tawi

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa umri wa kuitwa hivyo ulikuwa haujamfikia. Jina lilitokana na ulimi wake. Mtu akimletea kazi iliyopinda, aliisoma kimya mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Hii umeiandika mwenyewe au ilikuwa ni homa?" Watu wakacheka. Mwenye kazi naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, kisha akarudi kitini kuirudia.

Walikuwa wanatunza programu ya kutuma magari ya wagonjwa. Ghorofa ya juu walikaa wapokea simu. Mtu akipiga simu ya dharura, mpokeaji aliandika kisa chake kwenye kompyuta, programu ikatafuta gari lililo karibu na kulituma. Ghorofa ya chini, katika chumba chenye madirisha yanayotazama maegesho, walikaa waandishi wa programu yenyewe, Shangazi akiwa kiongozi wao. Kutoka kitini kwake aliweza kuona magari yakitoka na kurudi, na madereva wakiosha sakafu za magari hayo kwa mpira wa maji.

Mezani pembeni yake alikaa mdogo wa mume wake. Shangazi ndiye aliyemwombea nafasi ya usaili, na alipopita, alimwambia siku ya kwanza, "Shemeji, undugu tunauacha getini. Humu ndani ni kazi." Kijana akaitikia. Wenzao walisikia neno hilo na tangu hapo yeye naye akawa Shemeji wa ofisi nzima, hata kwa mlinzi.

Mambo yalianzia kwenye shule moja ya bweni. Asubuhi, mwalimu wa zamu alipiga simu kwamba mpishi ameungua na mafuta. Gari likatumwa, likafika. Kabla wahudumu hawajamaliza na mpishi, simu ileile ya shule ikapiga tena: mwanafunzi amebanwa na pumu, midomo imekuwa ya bluu. Sasa, programu ilikuwa na utaratibu wake. Ajali moja huweza kupigiwa simu mara kumi na watu wenye wasiwasi, kwa hiyo ikiona namba ileile na mahali palepale, na kisa cha awali bado kiko wazi, iliziunganisha simu hizo kuwa kisa kimoja. Ikamuunganisha mtoto wa pumu na mpishi aliyeungua. Kwenye skrini kukatokea rangi ya kijani na maneno: gari limeshafika.

Aliyepokea simu ile alikuwa mama mmoja ambaye madereva walimwita Sauti, kwa sababu redioni hakuwahi kusikika akibabaika. Alikumbuka kwamba gari lile lilikwenda kwa mpishi. Akashika redio, akatuma gari la pili kwa mdomo, na mtoto akapona. Halafu akashuka ngazi, akasimama mbele ya meza ya Shangazi.

"Leo nimeshtuka mwenyewe," alisema. "Kesho nikiwa na simu tatu mkononi sitashtuka. Skrini ikiniambia gari limefika, mimi naamini."

"Leo hii itapona," Shangazi alimjibu.

Na kweli alifanya kazi kama inavyotakiwa. Tawi kuu la programu, mahali ambapo kazi za wote hukutana, lilikuwa wakati huo kama nyumba iliyoezuliwa paa. Walikuwa wanaingiza ramani mpya, na nusu ya mambo yalikuwa hayajakaa sawa. Kutoa toleo la haraka kutoka hapo ingekuwa kuponya jino kwa kuvunja taya. Kwa hiyo Shangazi alirudi kwenye toleo lililokuwa linatumika ghorofani, akalitafuta kwa lebo yake, na kutoka hapo akakata tawi dogo la dharura. Ndani ya tawi hilo alibadilisha kitu kimoja tu: simu mbili za namba moja zisiunganishwe kama shida ya mgonjwa ni tofauti, mpokeaji aulizwe kwanza. Akaandika na jaribio la kulinda badiliko hilo: simu mbili, namba moja, wagonjwa wawili, lazima vitoke visa viwili. Akayafunga yote katika komiti moja, yaani kifurushi kimoja cha mabadiliko, yenye kichwa cha habari kinachoeleweka. Toleo likajaribiwa, likatoka. Kabla ya chakula cha mchana Sauti alipiga simu kutoka juu kusema kwamba sasa programu inauliza kama alivyotaka.

"Hiyo ni nusu ya kazi," Shangazi aliwaambia wenzake waliokuwa wameanza kunyoosha migongo. "Tawi kuu halijui chochote kuhusu rekebisho hili. Toleo lijalo litakatwa kutoka tawi kuu. Tusipolipeleka kule, ugonjwa utarudi kama wa mtu aliyekatisha dozi."

Namna ya kulipeleka, wao waliiita kuchuma. Unaichagua komiti ile moja kutoka tawi la dharura na kuipandikiza juu ya tawi kuu, bila kukokota kitu kingine chochote. Kama mistari inayoguswa haijabadilika kule, kazi ni ya dakika. Kama imebadilika, chombo kinasimama na kusema kuna mgongano, na hapo ndipo mtu anatakiwa atumie kichwa chake.

Shangazi alikuwa amekwisha kuweka vidole kwenye kibodi simu yake ilipolia. Alikuwa mume wake. Mama yao alikuwa ameanguka bafuni na hajibu vizuri akisemeshwa.

Shemeji alisikia. Alikuwa mama yake mzazi. Akasimama kabla Shangazi hajakata simu.

"Subiri," Shangazi alisema. "Tukiondoka wote hapa, hili litalala. Kaka yako yuko peke yake na gari liko kwangu, acha mimi nitangulie. Wewe chuma hiyo komiti moja, ipeleke tawi kuu, unitumie niidhinishe. Ukimaliza njoo hospitali moja kwa moja."

"Sawa, shemeji."

"Moja tu. Usikwame na kitu kidogo."

Alisema hivyo akiwa anatafuta funguo mkobani, na wala hakumtazama.

Alipoondoka, Shemeji alichuma. Mgongano ukatokea. Wale wa ramani mpya walikuwa wameandika upya faili lote la kuunganisha visa, wamebadilisha hata jina la kipande kinachoifanya kazi hiyo, lakini ugonjwa ulikuwa mlemle ndani, umevaa nguo mpya tu. Kwenye skrini chombo kilimwonyesha vipande viwili, kimoja juu ya kingine, kikamuuliza achukue kipi: yetu, au yao.

Alitazama maneno hayo huku simu yake ikiwa imelala kando ya kibodi, inasubiriwa ilete habari. Yetu, alifikiri, ni rekebisho letu, lile tulilotengeneza leo. Yao ni ya watu wa ramani. Akabonyeza yetu.

Lakini katika kuchuma, yetu ni ya tawi ulilosimama juu yake, na yeye alikuwa amesimama juu ya tawi kuu. Rekebisho ndilo lililokuwa yao. Kwa mbonyezo mmoja alilitupa, faili likabaki kama lilivyokuwa.

Bado kulikuwa na jaribio. Hilo liliingia bila mgongano kwa sababu lilikuwa kwenye faili lake lenyewe, na lilipoendeshwa likaanguka papo hapo. Halikuanguka kwa kugundua ugonjwa. Lilikuwa linakiita kipande kile kwa jina la zamani, jina ambalo kwenye tawi kuu halikuwepo tena. Shemeji aliona ujumbe kwamba jina halijulikani. Alitaka kumpigia Shangazi. Akakumbuka mara ya mwisho alipouliza jambo, mbele ya watu, na Shangazi akamwambia, "Hilo hata mtoto wa chekechea angelijua, shemeji, usiniaibishe." Akaiacha simu. Akaweka alama ya kuliruka jaribio hilo kwa muda, akaandika pembeni kwamba lirekebishwe ramani ikikamilika. Alama zote za majaribio zikawa za kijani. Komiti ikaenda na kichwa chake kilekile alichokiandika Shangazi, kikisema kwamba simu za wagonjwa wawili haziunganishwi tena, na chini yake mstari unaotaja kwamba imechumwa kutoka tawi la dharura. Ndani yake hakukuwa na rekebisho. Kulikuwa na jaribio lililolazwa usingizi.

Shangazi alipokea ombi la kuidhinisha akiwa kwenye benchi la korido, mama mkwe wake yuko nyuma ya mlango anapigwa picha ya kichwa. Kwenye kioo kidogo cha simu aliona kichwa cha komiti, akaona ni kazi yake mwenyewe, akaona kijani. Faili moja tu ndilo lililoonekana kubadilika. Siku nyingine angeuliza la pili liko wapi. Nesi alifungua mlango na kuita jina la mgonjwa. Shangazi akabonyeza kuidhinisha, akasimama.

Mama alikuwa amepata kiharusi. Aliishi, lakini upande wa kulia haukurudi, na maneno yakawa yanamtoka kwa tabu. Nyumbani walihamisha kitanda chake sebuleni. Shangazi na mumewe wakapokezana usiku na mchana, Shemeji akija kila jioni kumlisha, kwa sababu mama alikubali kijiko cha mwanawe wa mwisho tu. Katika wiki hizo Shangazi na Shemeji walikaribiana kuliko wakati wowote. Alimwona anavyofuta midomo ya mama yake kwa ncha ya kanga, akajiambia kwamba huyu kijana ana moyo, na kwamba pengine alikuwa anambana kupita kiasi.

Ramani mpya ikakamilika. Kabla ya kukata toleo, Mkuu wa kitengo, mtu mwangalifu aliyezoea kufunga shati hadi kifungo cha juu, alipita kwenye historia ya tawi kuu kuhakikisha kwamba marekebisho yote ya dharura yamo. Akasoma vichwa vya komiti. "Ya simu mbili ipo," alisema. Shangazi akaitikia, "Ipo." Toleo likatoka mchana wa jua, watu wakapiga makofi kidogo, mmoja akaleta keki.

Karakana ya samani ilikuwa kwenye mtaa wa mabati nyuma ya soko la mbao. Ilikuwa ya mtu na mkewe. Mume alikata na kuunga, mke alipokea wateja na kupaka vanishi. Asubuhi moja msumeno ulimkata fundi wao mmoja kiganjani. Mke akapiga simu ya dharura, gari likaja haraka, wahudumu wakaanza kumfunga fundi na kumpakia. Walimwondoa, lakini walikuwa hawajafunga kisa kwenye kifaa chao, kwani kisa hufungwa mgonjwa akishapokelewa hospitali. Mume alibaki akimwaga maranda juu ya damu sakafuni. Akasema anasikia mkono mzito. Akakaa juu ya gogo, akashika kifua, akateleza chini.

Mke alipiga tena, kwa simu ileile.

Aliyepokea alikuwa Sauti. Simu nyingine zilikuwa zinaita. Aliandika kifua, mwanamume, anatoka jasho. Programu ikaiona namba, ikaona mahali, ikaona kisa kilicho wazi. Haikuuliza kitu. Ikaunganisha. Kijani: gari limeshafika.

"Mama, gari limeshafika hapo," Sauti alisema. "Toka nje uwaonyeshe njia."

Tangu siku ya shule ya bweni, alikuwa ameiona skrini ile ikiuliza mara nyingi, na aliiamini kwa sababu ilikuwa inauliza. Hakuwa na sababu ya kufikiri imeacha. Akapokea simu iliyofuata.

Mchana alishuka ngazi. Safari hii hakusimama mbele ya meza. Alivuta kiti cha mtu akakaa, mikono mapajani. Wote wakageuka.

"Ile mliyoniponyea," alisema, "imerudi. Na mtu amekufa."

 Nje dereva mmoja alikuwa anaosha gari, maji yakigonga bati.

Shangazi alifungua historia ya tawi kuu. Komiti ilikuwepo, na kichwa chake. Akafungua ndani yake. Akashuka chini, akapanda juu, akashuka tena, kama mtu anayepapasa mfukoni ambamo anajua aliweka kitu. Faili la jaribio, basi. Na alama ya kuruka. Akalifungua faili la kuunganisha visa kama lilivyotolewa kwenye toleo, akausoma ugonjwa ukiwa mzima, haujaguswa hata herufi.

"Turudishe toleo la zamani," mmoja alisema.

"Haiwezekani," Shangazi alijibu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ramani imebadilisha hazina ya data. La zamani halitaisoma. Tunakata tawi jipya la dharura kutoka kwenye lebo ya toleo hili."

Alilikata. Alimwita Shemeji akae karibu naye, na Shemeji akaja, uso umemkauka. Shangazi alianza na jaribio: akalisahihisha jina, akaondoa alama ya kuruka, akaliendesha kabla ya kutengeneza chochote. Likaanguka, na safari hii likasema kwa nini: vimetarajiwa visa viwili, kimepatikana kimoja. Ndipo akaliandika rekebisho upya, kwa mkono, ndani ya faili lile lililoandikwa upya. Jaribio likapita. Toleo likatoka. Kisha akasimama juu ya tawi kuu na kuichuma komiti hiyo. Haikuwa na mgongano, maana tawi kuu lilikuwa halijaenda mbali na toleo. Hata hivyo alifungua faili na kuusoma kila mstari kwa kidole, akaliendesha jaribio juu ya tawi kuu lenyewe. Muda wote huo hakumuuliza Shemeji kitu.

Shangazi alikuwa ameshaona. Ukurasa wa historia ulionyesha jina lake yeye kwenye komiti ile tupu, kwa kuwa kuchuma hakubadilishi jina la mwandishi wa kwanza. Jina la aliyechuma huandikwa mahali pengine, na mpaka uombe maelezo kamili hulioni. Aliyaomba. Jina la pili lilikuwa la Shemeji. Chini yake kulikuwa na jina la aliyeidhinisha.

Kikao kilifanyika kesho yake, mlango umefungwa. Mkuu aliweka ukurasa ule ukutani kwa projekta. Jina la Shangazi likawa kubwa kuliko kichwa cha mtu.

"Nimekaa na hili usiku kucha," Mkuu alisema. "Hapa pameandikwa rekebisho lako. Nililiona jina lako, nikaamini, nikatoa toleo. Ndani hakuna kitu. Nieleze."

Shangazi alimtazama Shemeji. Alikuwa amekaa mwisho wa meza, ananyoosha kwa kidole kona ya karatasi iliyojikunja. Alimpa nafasi. Alihesabu pumzi zake mwenyewe ili nafasi iwe ndefu. Shemeji hakuinua macho.

"Kulikuwa na mgongano," Shangazi alisema mwishowe. "Ulitatuliwa vibaya. Niliidhinisha mimi, bila kusoma."

"Aliyeutatua ni nani?"

"Ningesoma, ungeonekana. Ndiyo kazi ya anayeidhinisha."

Mkuu alifungua kifungo cha juu cha shati, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya. "Na mimi nilisoma vichwa tu," alisema taratibu. Kisha akamgeukia Sauti, aliyeitwa kueleza upande wa simu. "Mama, una la kusema?"

Sauti alifikiri. "Nilimwambia atoke nje awaonyeshe njia," alisema. "Sina lingine."

Aliomba ruhusa akatoka. Wiki ile ilipoisha alihamia stoo ya vifaa, na redioni madereva wakawa wanasikia mtu mwingine, kijana mwenye haraka, anayekosea majina ya mitaa.

Jioni ya siku ya kikao Shemeji alikuja kumlisha mama kama kawaida. Mume wa Shangazi alikuwa amekwenda kununua dawa. Shangazi alisimama kwenye mlango wa jikoni, akamwacha amalize bakuli la uji, amfute mama, amgeuze ubavu. Ndipo akamwita.

"Yetu nilidhani ni yetu," Shemeji alisema kabla hajaulizwa. Alisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya mama. "Nilidhani ndiyo lile rekebisho. Na jaribio... nilijua silielewi. Nilijua, shemeji. Sitakudanganya."

"Kwa nini hukunipigia?"

 Kijiko kilikuwa bado mkononi mwa Shemeji.

"Mama alikuwa anakufa, kwa nilivyojua," alisema. "Na ukinijibu vile unavyonijibu, siku ile nisingeweza. Nikasema nisikwame na kitu kidogo."

Shangazi alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Alitafuta la kumwambia. Angeweza kumwambia kwamba alimtazama kikaoni, na kwamba alingoja. Angeweza kumwomba radhi. Vyote viwili vilikuja kwa pamoja vikaziba mlango, hakuna kilichotoka.

"Nitamwambia Mkuu kesho," Shemeji alisema.

"Utakavyoona."

Alimwambia kweli. Alipewa barua ya kuachishwa siku hiyohiyo, kwa kukaa kimya kikaoni zaidi kuliko kwa kosa lenyewe. Shangazi aliondolewa uongozi na kuzuiwa kuidhinisha. Mume wake alizisikia habari zote mbili kwa wakati mmoja, akasema, "Ulimwacha abebe peke yake au alikuacha wewe? Mimi sijui nimkasirikie nani." Tangu hapo alizungumza nyumbani kama mtu aliye safarini, maneno ya lazima tu. Shemeji hakuja jioni ile, wala iliyofuata. Mama alikataa kijiko cha kila mtu. Aligeuza uso ukutani, akawa anasema silabi moja ambayo wote waliijua kuwa ni mwanzo wa jina la mwanawe wa mwisho. Mume akaenda kumtafuta kwenye chumba alichopanga. Wapangaji wenzake walisema amefunga mlango ameondoka na begi, hakusema anakwenda wapi. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Mjane wa karakana alikuja mwenyewe. Mapokezi walijaribu kumpeleka kwa mwanasheria, akasema hataki mwanasheria, anataka mtu wa ile mashine. Walimshusha chini. Mkuu hakuwepo, na wengine wakainamia kibodi zao. Shangazi alisimama akampa kiti.

Alikuwa na madoa ya vanishi kwenye kucha, yasiyotoka kwa sabuni. Alikaa wima.

"Nataka kujua gari lilikwenda wapi," alisema. "Niliambiwa limefika. Niliacha kumshika nikatoka barabarani. Nikaenda mpaka kona. Nikauliza watu, mmeona gari la wagonjwa? Nikarudi, nikatoka tena. Gari letu la kubebea mbao lilikuwa hapo uani na ufunguo ndani yake. Ningempakia. Sikumpakia kwa sababu mlisema mmefika."

"Hakukuwa na gari," Shangazi alisema.

"Hakukuwa."

"Hapana. Mashine ilidhani simu yako ya pili ni ya yule fundi. Ikahesabu gari lile la kwanza."

Mjane aliyachukua maneno hayo taratibu. "Ilidhani," alisema. "Na hamkujua kwamba inadhani hivyo?"

Shangazi angeweza kumrudisha kwa mwanasheria. Alikaa mbele yake, magoti yao karibu kugusana.

"Tulijua. Ilishatokea kabla, kwenye shule. Tukaitengeneza."

"Mkaitengeneza."

"Ndiyo. Siku hiyohiyo."

"Ikawa nzima?"

"Ikawa nzima. Ile iliyokuwa inatumika. Lakini kulikuwa na nyingine, tuliyokuwa tunaiandaa ije badala yake. Hiyo ilitakiwa itiwe dawa ileile. Tukaandika kwamba imetiwa. Haikutiwa."

"Kwa hiyo ningepiga mwezi uliotangulia..."

 Mjane alitazama skrini zilizokuwa zimemzunguka, mistari ya rangi juu ya weusi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu.

"Iko humu?" aliuliza. "Hiyo dawa. Sasa hivi imo?"

"Imo."

"Nionyeshe."

Shangazi aligeuza kiti, akafungua faili. Mistari yenyewe haikuzidi urefu wa kiganja. Akaweka kidole chini yake. Mjane akainama, akausogeza uso wake karibu na kioo, akayatazama muda mrefu maandishi ambayo hakuweza kuyasoma.

"Ni hii tu," alisema.

"Ni hiyo tu."

Alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akauliza njia ya kutokea. Shangazi alimsindikiza mpaka ngazini, na alipotaka kumshika mkono, mjane aliuondoa bila hasira, kama anavyouondoa mtu mwenye haraka. Dirishani alionekana akipita katikati ya magari ya wagonjwa yaliyoegeshwa, akikwepa maji yaliyokuwa yanatiririka chini yake, akatokea getini na kushika upande wa kushoto.

Shangazi alirudi mezani. Kulikuwa na kazi nne zinazosubiri mtu wa kuidhinisha, na kati ya wenzake hakuna hata mmoja aliyetaka kuzigusa. Walikuwa wamekaa wanazitazama.